Kovu kwenye Ramani ya Baba

Baba alirudishwa nyumbani kwa bodaboda, kiatu kimoja kikavu, kingine kimejaa maji ya mtaro. Nilikuwa uani naanika nguo. Mwenye boda alimshika mkono ili ateremke, na baba akautoa ule mkono kama anafukuza nzi, ingawa alihitaji sana kushikwa.

"Nyabo, dada, huyu mzee ni wenu?" mwenye boda akaniuliza. "Nimemkuta kwa mtalo, kule nyuma ya gereji. Anagonga ukuta na fimbo, anauliza balabala imeenda wapi."

Nilimshukuru. Baba alipapasa mlango, akaingia, akaisimamisha ile fimbo yake nyeupe nyuma ya kabati, mahali tunapoweka miavuli iliyovunjika, akakaa kitini na kiatu chake kilicholowa.

Mama alitoka jikoni, akamtazama mume wake, akanitazama mimi. "Asiyesikia la mkuu," akasema, na hakuimalizia methali kwa sababu aliona uso wa baba.

Baba yangu alikuwa polisi wa trafiki. Nimekulia kambini, katika vile vyumba vya mabati ambamo watoto wa Gulu, wa Arua na wa Soroti tulitukanana kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha pekee tuliyoimiliki wote. Huyu mtu aliwahi kusimama katikati ya makutano ya barabara na glavu nyeupe, akainua kiganja, na malori yakatii. Alipostaafu tukahamia Kibuli, Kampala, kwenye mteremko, na huko ndiko presha ya macho ilikomnyang'anya kuona, kidogo kidogo, kutoka pembeni kuelekea katikati. Hospitalini waliokoa walichoweza. Kilichokwenda, walimwambia kwa upole, hakirudi.

Tangu hapo, kila Ijumaa mama alimshika mkono na kumpandisha mlimani hadi msikitini. Mama ni Mkatoliki, tena wa kukazana, mtu wa kanisa kuu la Lubaga kila Jumapili. Anamfikisha mume wake langoni, anakaa ng'ambo ya barabara na rozari yake ndani ya mkoba, anamsubiri. Majirani walimsifu. Baba alichukia. Hakumchukia mama, alichukia mkono. "Mimi napelekwa kama mbuzi ya Idi," aliniambia siku moja. "Nataka kitu moja tu. Siku ya Juma, niende na miguu yangu, mtu asinishike."

Mtu akiniambia anataka kitu kimoja tu, mimi huwa siwezi kutulia. Mama husema nimerithi ukaidi wa upande wa baba, baba husema ni wa upande wa mama, na hapo ndipo pekee wanapokosa kuelewana kwa furaha.

Kazi yangu ni mashine za kuchapa vitu vya plastiki, zile wanazoziita thri-di. Nina chumba karibu na Mulago ambacho nakodi pamoja na fundi simu mmoja Mkongomani, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta. Nachapa gia za mashine za kusagia, vishikio vya friji, namba za milango, na wakati wa harusi nachapa majina ya maharusi ya kuchomeka juu ya keki. Mashine inayeyusha uzi wa plastiki, inautoa kwenye nozeli, yaani kimdomo chembamba cha shaba, na inaulaza tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kisimame. Basi nikamchapia baba ramani. Kibao cha bapa, kinachoenea kwenye viganja viwili, chenye njia zote kutoka mlangoni kwetu hadi msikitini zikiwa zimeinuka. Barabara kubwa niliipa tuta pana. Vichochoro nilivipa tuta jembamba. Stendi ya boda ilikuwa kinundu kimoja, duka la muuza mkaa vinundu viwili, msikiti mraba.

Alikipenda. Alikaa nacho barazani kila siku, kidole cha shahada kikipanda mlima na kushuka. Mimi nilifikiri anacheza. Kumbe anakariri, kama alivyokariri zamani vituo vyake vya kazi. Asubuhi hiyo ya mtaro alikuwa amemngoja mama aende sokoni, akachukua fimbo, akatoka peke yake.

Jioni alipokubali kuongea, nilichukua kibao nikakaa karibu naye.

"Baba, ulipotea wapi?"

"Mimi sikupotea," akasema. Alikuwa na hasira, na hasira ya baba huwa ya polepole. "Mimi nilifuata ramani. Kwa stendi ya boda iko kichochoro, inaingia kushoto. Mimi nikaona, hii itakata safari. Nikaingia."

"Hakuna kichochoro hapo."

"Iko."

"Baba, nimeichora mwenyewe. Hakuna."

Akanivuta kidole changu kama alivyokuwa akimvuta mtuhumiwa. Akakiweka kwenye kinundu cha stendi, akakiburuta kushoto. "Hii ni nini, afande?"

Macho yangu yalikuwa hayaoni kitu. Ila ukucha wangu ulisikia: mstari mwembamba, umeinuka kidogo sana, umenyooka kutoka kwenye stendi hadi karibu na ukingo wa kibao. Nilikiinamisha dhidi ya mwanga wa dirisha, ndipo ukang'aa. Nilijua mara moja ni nini, na nikasikia joto la aibu masikioni. Kila mchapaji anaijua ile alama. Nozeli ikimaliza sehemu moja ya uso na kwenda kuanza nyingine, njiani inapita juu ya plastiki iliyokwisha kulainishwa vizuri. Ikipita chini mno inakwaruza, na kwa kuwa ni ya moto na ina plastiki mdomoni, inaacha mchirizi. Juu ya jina la bibi harusi hakuna anayejali. Wanaona keki. Baba yangu hakuwa na keki ya kuona, alikuwa na kidole, na kidole chake kilisoma kovu kama njia.

"Ni kosa la mashine," nikasema.

"Ramani haina kosa la mashine," akajibu. "Ramani ikisema njia, ni njia. Peleka. Mimi sitaki tena. Mama yako atanishika mkono, basi."

Alinikabidhi kibao. Hilo ndilo lililoniuma. Angenitupia ningefurahi.

Kesho yake nilifika kazini nimenuna. Mkongomani wangu aliniangalia nikiwasha kompyuta kwa kuigonga, akaweka chini simu aliyokuwa anaifungua.

"Dada, nani amekufa?"

Nikamwonyesha kovu. Aliligusa, akacheka, halafu nilipomweleza habari ya mtaro akaacha kucheka. "Iyo pua iko inaburuza," akasema. "Pandisha Z hop. Ipande, ipite juu, ishuke."

Alisema kweli. Z hop ni mpangilio katika ile programu inayokata mchoro kuwa tabaka. Ukiuwasha, nozeli haisafiri ikiwa imelala. Inaruka juu kidogo, inavuka, inatua upande wa pili. Nikauweka. Nikachapa upya, na kwa kuwa kibao kinachukua muda mrefu, na umeme ulikatika katikati nikaanza tena, siku yote iliishia hapo. Nikakipeleka nyumbani kikiwa bado na uvuguvugu wa mashine.

Baba hakutaka kukigusa. Mama alimwambia, "Gusa tu, mtoto amehangaika." Akagusa. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye stendi, kikateleza kushoto.

"Iko palepale," akasema.

Sikumwamini. Niliinamisha kibao kwenye mwanga, na kweli, palepale, kama vile mashine imekariri uongo wake. Kimantiki ilikuwa hivyo hasa. Mchoro uleule hukatwa vilevile, na nozeli husafiri njia ileile kila mara.

Basi nikapandisha ile ruka, yaani kimo cha kuinuka, mara mbili. Mimi nikikasirika huwa naongeza, hata chumvi. Nikachapa. Kovu likawepo. Nikapandisha tena. Likawepo. Baba alikuwa akiligusa na kusema tu "Iko," bila kunigeukia, na bila kunicheka, na jioni ya tatu nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anataka ramani ya Mungu aende akamwombe Mungu. Mama aliniita jikoni akanipa kazi ya kumenya matoke hadi nilipopoa. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, nilijiambia, nikiwa nimeshika kisu na mikono imejaa utomvu. Lakini nilikuwa sijui koleo limevunjikia wapi.

Jibu nililipata kwa kufanya kitu ambacho wachapaji hatukifanyi. Sisi huanzisha kazi na kuondoka. Tunatazama tabaka la kwanza, tukiona limeshika tunaenda kunywa chai. Safari hii nilivuta kigoda, nikasubiri tabaka la mwisho la uso, lile tunaloliita ngozi kwa sababu ndilo linaloonekana, na nikaweka jicho usawa wa meza.

Nozeli ililaza ngozi karibu na stendi, mistari myembamba iliyobanana. Ikamaliza. Ikavuka kwenda upande wa pili wa tuta la barabara. Na haikuruka. Haikuinuka hata kidogo. Ilipita imelala juu ya ile ngozi mpya kama mtoto anayeburuta kijiti ukutani.

"Hairuki!" nikapiga kelele. Mteja aliyekuja kubadilisha kioo cha simu alishtuka.

"Umeiwasha?" Mkongomani akauliza.

"Nimeiwasha, nimeipandisha mpaka imechoka!"

Alikuja, akainama kando yangu. Tulitazama pamoja. Kisha akaniuliza swali la fundi simu, mtu asiyejua sana mashine yangu lakini anajua vitu vinavyosubiriana. "Inasubiri nini ndiyo iruke?"

Hapo nikakumbuka. Z hop hairuki ovyo. Inaruka pale tu mashine inapovuta uzi nyuma, kuuondoa mdomoni usidondoke njiani. Bila kuvuta, hakuna kuruka. Na mashine yangu ilikuwa haivuti, kwa sababu ya mpangilio mwingine niliouacha vile nilivyoukuta siku niliyoinunua: kombingi. Kombingi huiambia nozeli isafiri ndani ya mipaka ya kitu chenyewe, isivuke kuta na kutoka hewani. Ni kitu kizuri. Inapunguza nyuzi zinazoning'inia nje, na inafanya mashine isivute uzi kila mara, maana ikidondosha kidogo itadondosha ndani, mahali pasipoonekana. Lakini kibao changu kilikuwa bapa, chote ni uso. Ndani yake ndiyo nje yake. Kwa hiyo nozeli ilitii: ikabaki ndani ya mipaka, haikuvuta, haikuruka, ikapita juu ya ngozi na kudondosha pale ambapo kidole cha baba kingepita. Mimi nilikuwa napandisha ngazi ambayo hakuna aliyeikanyaga.

Nilicheka mpaka machozi. Nikafungua mpangilio, nikaiambia kombingi isipite kwenye ngozi. Sasa kila ikitaka kuvuka uso uliokamilika ingelazimika kuvuta uzi, na ikivuta ingeruka. Nilianza upya nikiimba.

Nilipotazama tabaka la mwisho niliona nozeli ikiinuka, ikivuka, ikitua. Kama kuku anayepita matopeni. Nilipiga makofi.

Jioni baba aligusa stendi, akaenda kushoto. Akarudi, akaenda tena. "Imeisha," akasema, na nikamwona mama akijifuta mikono kwenye kanga bila sababu. Halafu kidole kikapanda mlima, na uso wake ukaanza kukunjamana.

"Lakini sasa iko watu mingi barabarani."

"Watu gani, baba?"

"Hapa moja. Hapa moja. Hapa. Umesema kinundu ni stendi. Mimi nahesabu stendi, hazimaliziki. Kampala yote ni stendi ya boda?"

Kwa hilo hata yeye alitabasamu, na mama akasema, "Huo ni ukweli, hiyo ramani usiibadilishe." Lakini mimi nilikuwa nimeshagusa. Vichunusi. Nilikuwa nimeacha ile ruka juu kabisa, kama nilivyoipandisha kwa hasira. Nozeli ilipoinuka mno ilivuta unyuzi kama ute wa bamia, na ilipotua iliacha tone. Tone juu ya uso laini ni kipele kidogo sana. Kwa mtu anayesoma kwa kidole, ni kituo. Nilikuwa nimeondoa njia ya uongo nikaleta mji mzima wa uongo.

Safari hii sikukasirika. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu baba alikuwa ameuliza kitu, na mtu anayeuliza bado yuko safarini.

Niliishusha ruka hadi kiasi cha kupita tu bila kugusa. Halafu nikawasha kufuta. Kufuta ni hivi: nozeli ikimaliza mstari, haiondoki hapo hapo. Inarudi kidogo juu ya mstari wake wenyewe bila kusukuma plastiki, inajipangusa, na lile tone ambalo lingedondoka njiani linabaki nyumbani. Ni kama mama alivyokuwa akinikataza kutoka mezani kabla ya kupangusa mdomo. Nikachukua na roli mpya ya uzi, iliyofungwa vizuri, kwa kuwa ilikuwa msimu wa mvua na ile ya zamani ilikuwa imekaa wazi ikinywa unyevu, na uzi wenye unyevu hutoka nozelini ukitema mate.

Nilikaa kwenye kigoda tena. Mkongomani alileta chai, akakaa na mimi. Tabaka la mwisho lilikuwa zuri kutazama: ikalaza, ikajipangusa, ikavuta, ikainuka kidogo, ikavuka, ikatua. Nilipokibandua kibao nilifumba macho yangu na kukipapasa chote kwa kidole, kwa mara ya kwanza, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Kulikuwa na barabara, vichochoro, vinundu vyangu. Katikati yake hapakuwa na kitu, na nilifurahi kwa ajili ya ule utupu kuliko nilivyowahi kufurahia chochote nilichochapa.

Baba alikipokea akiwa barazani. Alianzia mlangoni kwetu. Alipanda hadi kwa muuza mkaa, akafika kwenye stendi, akaenda kushoto, akapapasa, akapapasa tena. Akarudi njiani. Akapanda hadi kwenye mraba. Akateremka. Alifanya hivyo mara nyingi, na mimi nikasimama pale na viatu vya kazi miguuni.

"Hii imenyamaza," akasema mwishowe. "Pale hakuna kitu, inasema hakuna kitu."

Akakiweka mapajani. Lakini fimbo ilibaki nyuma ya kabati pamoja na miavuli. Siku zikapita, yeye na kibao chake barazani, na mimi nikaanza kuamini kwamba nimechelewa, kwamba ule mtaro ulimmeza kabisa. Nilihuzunika, sitaficha.

Ijumaa, mama alipokuwa anavaa viatu ili ampeleke, baba alitoka chumbani na kanzu yake, akapita kando ya kabati, akaichomoa fimbo. Miavuli ikaanguka kwa kishindo.

"Vua viatu," akamwambia mama.

Mama alivua. Alimwacha afike getini. Kisha akavaa ndala zangu, akanishika mkono, na tukamfuata, mimi na yeye, kwa mbali, tukijificha nyuma ya watu kama wezi wa kuku. Baba alipanda polepole, fimbo ikigusa kulia, kushoto. Kwa muuza mkaa alisalimia. Alipofika kwenye stendi ya boda alisimama. Wale vijana wa boda walinyamaza, nadhani habari ya mtaro ilikuwa imewafikia. Fimbo ilielekea kushoto, kule kwenye kovu. Mama alinifinya mkono hadi ukauma. Niliona mkono mwingine wa baba ukiwa wazi kando yake, kidole cha shahada kikitembea hewani juu ya kibao ambacho hakikuwepo.

Akaenda moja kwa moja.

Hatua chache mbele akasimama tena, bila kugeuka. "Nasikia ndala," akasema kwa sauti ile ya makutano. "Nyinyi wawili, rudini nyumbani. Mnaziba njia."

Tulirudi. Mama alilia njia nzima na kucheka njia nzima, na alinikanyaga mara mbili kwa zile ndala zangu. Tulikaa barazani tukijifanya tunachambua mchele. Baba alirudi baada ya swala, peke yake, viatu vyote viwili vikavu, akakaa, akaomba maji. Alipokunywa akanigeukia.

"Afande," akasema, "nitengenezee ya Lubaga."

"Lubaga? Baba, wewe Lubaga unaenda kufanya nini?"

"Jumapili. Huyu mama, miaka yote hii, nani anamsindikiza?"